Nyanya zangu, deni lake na meseji za saa tano usiku

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, nina mtoto mmoja na sina mume. Nauza nyanya na hoho Soko la Ilala. Kuna mteja wangu ana kibanda cha chipsi Tabata, huu mwaka wa pili anachukua kwangu sado mbili kila baada ya siku moja. Tulianza na meseji za oda tu. Baadaye akawa ananitania, "Leo usinipe masalo, nina wageni," na mimi namjibu, "Masalo ni wewe." Sasa utani umehamia usiku. Juzi saa tano kaniandikia, "Nyanya zinaiva, na mimi naiva, nani atachumwa kwanza?" Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaamka. Sikufichi Shangazi, moyo umeshasogea. Tatizo ni kwamba kwa miezi mitano sasa sado ninayouza 6,000 yeye nampa kwa 5,000, na nyongeza juu, na daftarini ana deni la 86,000. Jirani yangu sokoni anasema huyo anatongoza nyanya, hanitongozi mimi. Nitajuaje? Na nikimkubali, deni nilidai au nilisamehe?*

*Mama T, Ilala*

Marahaba, mwanangu. Hiyo kauli ya jirani yako nimeicheka hadi chai ikanipalia. Ila amekutia wasiwasi akakuacha nao, wala hakukuonyesha pa kuangalia. Mimi nitakuonyesha, lakini kwanza nikusimulie, kwa sababu niliuza samaki Feri miaka kumi na mitatu, na mwanaume anayekoroma chumba cha pili wakati naandika haya niliwahi kumwandika kwenye daftari la madeni kwa kalamu nyekundu. Sikuandika hata jina lake. Niliandika "Fundi", na mbele yake 14,000.

Ilikuwa mwaka 2009. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshafika mnadani. Pale fungu linamwagwa mbele yenu, mnadishaji anaimba bei, na wewe una muda wa kuvuta pumzi mbili tu kuamua. Unaangalia jicho na shavu. Jicho limetuna na linang'aa, shavu jekundu kama damu mpya, nyanyua mkono. Jicho limezama na shavu limegeuka kahawia, waachie wenye haraka. Nilikuwa nachukua changu na vibua, nahamia kwenye meza yangu, naparua magamba, napanga mafungu, na wanaobaki nawalaza kwenye deli na barafu.

Yeye alikuwa fundi majokofu. Alikaa Kigamboni, kazi zake ziko mjini, kwa hiyo kila asubuhi alishuka kwenye pantoni akapita jirani na sisi, na kila jioni akapita tena kurudi. Shida yake ilikuwa hii: asubuhi samaki wapo lakini hawezi kuzunguka nao kutwa nzima kwenye begi la spana, na jioni akirudi changu wazuri wameshaondoka. Ndiyo maana akaomba namba yangu, ili aagize mchana nimbakizie kwenye barafu. Namba iliombwa kwa kazi inayoeleweka, kama huyo wako wa Tabata. Hapo wote wawili wamelingana, na hapo bado hujajua lolote.

Meseji yake ya kwanza naikumbuka neno kwa neno. "Dada wa samaki, nibakizie changu wawili wa kutosha sahani. Fundi." Nikamuuliza, kibiashara kabisa, "Sahani yako ina ukubwa gani?" Akajibu, "Ya mtu mmoja. Kwa sasa."

Hilo "kwa sasa" lilinikaa kifuani siku nzima, huku mikono imejaa magamba.

Siku zile meseji ililipiwa mojamoja, mwanangu. Mtu akikutania alikuwa amekatwa salio. Leo mwanaume ana bando la meseji lisiloisha, anaweza kuwatania wanawake kumi akisubiri mafuta ya chipsi yachemke, kwa hiyo wingi wa meseji zake usikuleweshe. Wala utamu wake. Wapo watu wana kipaji cha maneno kama wengine walivyo na kipaji cha kupiga danadana, na hakimaanishi zaidi ya hapo.

Basi tukaendelea hivyo miezi. Akichelewa kupita jioni namwandikia, "Usingizi wa pono umekupata?" Naye ananijibu, "Pono analala peke yake, ndiyo maana anachelewa kuamka." Nikimpandishia bei analalamika kwamba kwa bei hiyo alidhani samaki wanakuja na mpishi. Ulikuwa utani wa samaki na bei, na kila meseji ilikuwa na oda ndani yake, hata kama oda imefichwa kwenye mkia.

Kisha akaharibu. Nakusimulia hili kwa kirefu kwa sababu utani ukikolea lazima siku moja utateleza, na mtelezo ndio unaokuonyesha mtu.

Ilikuwa asubuhi, meza imejaa wateja, mikono yangu imelowa hadi kwenye kiwiko. Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Nikamwambia kijana wangu wa kuparua aitoe anisomee, maana nilijua ni oda. Yule kijana akasoma kwa sauti ya mnadani: "Habari za asubuhi, changu wangu."

Wewe ni mtu wa mjini, unajua neno hilo mtaani linamwita nani. Meza zote tatu za jirani ziliangua kicheko. Mama mmoja akaniuliza kama siku hizi nimehamisha biashara. Nilihisi masikio yanawaka moto. Sikumjibu Fundi siku hiyo, wala siku ya pili, wala ya tatu. Oda zake niliziona, sikuzibakiza.

Siku ya nne jioni alikuja mwenyewe. Hakuanza kuongea nikiwa na wateja. Alisimama pembeni, begi lake begani, pantoni moja ikaondoka, ya pili ikaondoka, mpaka meza ikatulia. Akasema, "Dada, mimi nilimaanisha samaki. Nimewauliza wenzangu kazini kwa nini umenyamaza, wakanieleza ulivyolisikia. Samahani sana." Halafu akaondoka bila kununua kitu. Hilo la kuondoka bila kununua ndilo lililonigusa, maana angenunua ningedhani kaja kutengeneza njia ya samaki wake. Usiku akaandika, "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Mimi si mvuvi, sijafurahi." Nikacheka gizani kama wewe ulivyocheka.

Sasa jiulize: huyo wako ameshawahi kuteleza? Alipoteleza alifanyaje? Alikuja, au alikutumia vile vikatuni vya kucheka akaendelea na oda?

Lakini siku niliyojua ni nyingine, wala haikuwa na mzaha hata kidogo. Ulikuwa mwezi wa saba, kusi limekaza. Wewe unauza nyanya, huenda hulijui vizuri: upepo wa kusi ukipiga hivyo boti ndogo hazitoki, na zikitoka zinarudi na kidogo kinachogombaniwa mnadani kwa bei ambayo mchuuzi kama mimi haigusi. Siku ya tatu mfululizo nilirudi nyumbani Temeke na deli tupu. Umeme umekatika, nimekunywa uji, nimejilaza. Simu ikaita meseji. "Upepo unapiga hadi huku. Umeshindaje?"

Nikaandika kama ninavyomwandikia mteja yeyote: "Sina samaki, Fundi. Boti hazikutoka."

Akajibu maneno mawili. "Sijauliza samaki."

Niliikodolea macho ile simu hadi mwanga wake ukazima. Nikaiwasha tena nikasoma tena. Mwisho nikamwambia ukweli, kwamba nimeshinda na uji. Akaniambia kesho nisinunue chai. Na kesho yake asubuhi alishuka kwenye pantoni na kontena la mihogo ya kuchemsha, akaliweka juu ya meza yangu kavu isiyo na hata kibua, akaenda kazini. Mimi sikuwa na kitu cha kumuuzia na yeye alijua hilo vizuri.

Hapo ndipo pa kuangalia, Mama T. Mteja anakuandikia ukiwa na mzigo. Anayekutaka wewe anakuandikia na siku ambayo huna mzigo. Na hili huhitaji kulihisi moyoni, unaweza kulisoma kwenye karatasi, kama nilivyomsaidia mwenzangu mmoja kulisoma akiwa ameshachelewa.

Huyo mwenzangu nimwite Bi Tasi, kwa kuwa tasi ndio aliokuwa akiuza zaidi. Alikuwa na mteja wa jiko la baa, mtanashati, maneno kama asali. Anachukua mzigo Ijumaa kwa ajili ya wikiendi, analipa nusu, nusu mali kauli hadi Ijumaa inayofuata. Meseji zake zilikuwa tamu kuliko za Fundi mara kumi. Bi Tasi akawa anajipaka hina kila Alhamisi. Nusu zikarundikana hadi laki tatu na ishirini, kisha Ijumaa moja yule bwana hakuja, tukasikia ananunua kwa mwingine. Bi Tasi alilia, akasema labda amemkwaza. Nikamwambia lete simu na lete daftari. Tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, mimi nasoma tarehe za mzigo kwenye daftari, yeye anatafuta meseji za tarehe hizo. Jumatano usiku, utani. Alhamisi usiku, utani na "malkia wangu". Ijumaa asubuhi, oda. Jumapili, kimya. Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Wiki baada ya wiki vilevile, kama ratiba ya pantoni. Alipofika wiki ya nne alifunga daftari mwenyewe.

Na wewe fanya hivyo leo usiku mtoto akilala. Chukua siku thelathini za nyuma. Huyo anachukua mzigo kila baada ya siku moja, kwa hiyo kila usiku uko karibu na oda, na hapo ratiba haitaonekana wazi kama ya Bi Tasi. Angalia vitu vingine. Ile siku uliyougua, au mtoto alipougua, hukwenda sokoni: aliandika nini? Alikuulizia hali au aliuliza sado atapata kwa nani? Masika, mvua ilipoharibu nyanya shambani na tenga likapanda mara mbili, na wewe ukampandishia: utani uliendelea au ulikauka? Na meseji zinazokuja saa ambayo kibanda chake kimeshafungwa, ambazo ukizisoma tangu mwanzo hadi mwisho hukuti nyanya, hoho wala bei, hizo zihesabu pembeni. Ile ya "nani atachumwa kwanza" ni nzuri, nakiri, lakini bado ina nyanya ndani.

Ukikuta hata tano ambazo hazina mzigo, jirani yako ameshaanza kukosea. Ukikosa hata moja katika siku thelathini, mwanangu, jirani yako ni mganga.

Sasa deni. Baada ya mihogo ile, mimi nilitaka kulifuta. Nilishika kalamu kabisa. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akikaanga samaki pale sokoni akaniona, akaniuliza nafanya nini, nikamwambia. Akasema, "Ukilifuta hutajua." Nikarudisha kalamu kwenye nywele.

Kesho yake saa sita mchana nikamwandikia: "Fundi, daftari linasoma 14,000." Nilichagua mchana makusudi, kwa sababu usiku ulikuwa wa utani, na nilitaka aone kwamba hii inatoka mezani, haitoki kitandani. Hakutania. Alijibu, "Kweli. Ijumaa 10,000, Jumatatu 4,000." Ijumaa ikaja kwa M-Pesa, siku hizo bado ngeni, ilikuwa na mwaka mmoja tu nchini. Nikafungua ujumbe wa muamala kuhakiki kiasi, na pale kwenye jina la mtumaji palikuwa na jina la mwanamke.

Moyo uliruka, usiniulize. Nilitaka kumrushia maneno palepale. Nikajizuia hadi jioni, alipopita nikamwonyesha. Akasema ni laini ya dada yake, yake alikuwa hajaisajili kwenye huduma ile. Yalikuwa maneno tu, sikuyakataa na sikuyameza. Yeye mwenyewe akasema, "Jumapili vuka uje umwone." Jumapili nikavuka. Alinipokea gatini, tukatembea hadi kwao, dada mtu akafungua mlango, akanitazama juu hadi chini mikono kiunoni, akasema, "Kumbe wewe ndiye sahani ya mtu mmoja?"

Yaani utani wetu wa samaki ulikuwa umeshafika kwao zamani, kabla ya mihogo, kabla ya kusi. Huyu mtu alikuwa akirudi nyumbani anamsimulia dada yake meseji za muuza samaki. Tulioana 2011, na ile Jumatatu 4,000 ilikuja pia, nisije nikasahau kusema.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba deni ulidai, na ulidai kabla hujampa jibu la mapenzi. Ukimkubali kwanza, kesho kudai kutaonekana ni ugomvi wa wapenzi, na kusamehe kutakuwa mazoea. Mwandikie mchana, sentensi moja, bila kikatuni. Akikupa tarehe na kiasi, hata kidogo kidogo, na tarehe ikifika hela ikaingia, huyo anakuheshimu. Akijibu kwa utani tu, "Deni langu nitalilipa kwa mabusu," mjibu mara moja kwa upole kwamba mabusu hayanunui tenga, halafu nyamaza usubiri. Akirudia tena utani, umeshajibiwa. Na akinuna, akauliza kwani sisi tumefikia kudaiana, hapo usitumie nguvu nyingi kumbembeleza. Anayekasirika kwa kudaiwa alikuwa ameshaihesabu ile 86,000 kuwa yake.

Hela ikiingia, tazama jina kwenye muamala. Siku hizi laini inasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo jina ni la mtu halisi aliyekwenda akaweka dole. Likiwa la mwanamke, usimrukie. Wengi wetu tunatumia laini za ndugu. Muulize ana kwa ana, kisha muone anakupeleka wapi.

Halafu kuna jambo ambalo naona hujalihesabu. Unahangaika na 86,000, lakini ulichompa ni zaidi. Sado mbili kila baada ya siku moja ni kama sado thelathini kwa mwezi. Ukimpunguzia elfu moja kila sado, ni 30,000 kwa mwezi, na kwa miezi mitano ni 150,000, nyongeza sijaigusa. Ila nisimwonee. Mteja wa mwaka wa pili anayechukua kiasi hicho ana haki ya bei nzuri hata kama angekuwa na sura ya kibua. Mama lishe anayechukua sado mbili kwako unampaje? Kama unampa kwa 5,500, basi shilingi mia tano ya kwanza ni biashara, na mia tano ya pili ndiyo ya moyo. Ya moyo ni 75,000 kwa miezi hiyo mitano. Huwezi kumdai, uliitoa mwenyewe na hakuiomba, lakini ijue ilipo.

Mrudishie bei ya mama lishe. Usimweleze sana, mwambie tu tenga limepanda au wateja wote wa sado mbili wanalipa hivyo, lolote ambalo ni kweli siku hiyo. Mimi Fundi nilimuuzia kwa bei ya wote mpaka wiki ya harusi, na nyongeza yake ilikuwa kibua kimoja kama wengine. Alikuwa akinung'unika kwa meseji kwamba anaibiwa na mchumba wake. Alilipa.

La mwisho, nenda Tabata. Usimtaarifu. Nenda jioni kibanda kikiwa na watu, kaa kwenye benchi kama mteja, agiza chipsi mayai, lipa. Utaona nani anakaanga, nani anakata kachumbari, na zaidi ya yote nani anashika droo ya hela. Mwenye droo ndiye mwenye nyumba, mara nyingi. Na sikiliza atakavyokutambulisha kwa hao waliopo. Akisema "huyu ananiuzia nyanya," hajakosea, ila ndipo ulipo. Ukikuta kijana wa kumenya viazi anainua kichwa na kuuliza kama wewe ndiye yule wa masalo, agiza na soda, kaa.

Usifanye yote wiki moja. Usomaji wa daftari ni leo. Bei ni kuanzia mzigo ujao. Tabata ni Jumamosi, na Jumatatu saa sita mchana ukiwa mezani, mikono mikavu, andika hivi: "Kaka, daftari linasoma 86,000. Naomba unipe tarehe."

Na usiku akikuandikia kuhusu kuiva na kuchumwa, mjibu. Nani kakukataza kucheka?